Kufuta mipangilio ya BIOS: kunaponya nini, kunashindwa nini

Madabodi ina vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Kimoja ni programu ya BIOS yenyewe, ile inayoiamsha kompyuta, iliyoandikwa ndani ya chipu ndogo, mara nyingi ya miguu minane. Hiyo haipotei hata ukichomoa umeme mwaka mzima. Cha pili ni mipangilio: saa, kasi ya rami, volti za prosesa. Kufuta mipangilio hurudisha hiki cha pili katika hali ya kiwandani, basi. Programu haiguswi.

Chukua kijana wa Chake Chake aliyepandisha kasi ya rami yake ya DDR4 kutoka 3200 hadi 4000. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. BIOS yake ni nzima, ila kila akiwasha inasoma kasi ambayo rami haiiwezi. Hapo kufuta ndiyo dawa. Achomoe waya ukutani, abonyeze kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha atafute pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1. Aziunganishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kama kumi. Asipoziona, atoe betri ya duara, CR2032, kwa dakika kadhaa. (Huku kwetu kwenye hewa ya chumvi, ukishaitoa angalia kutu kwenye kishikio chake.) Akiwasha asiwe na haraka, kwa sababu rami hupimwa upya na skrini huchelewa. Ukija ujumbe wa kuingia kwenye mipangilio, na saa imerudi nyuma, amepona.

Sasa jirani yake alikuwa anasasisha BIOS, umeme ukakatika katikati. Dalili ni zilezile, feni na giza, lakini hapa programu yenyewe imeandikwa nusu. Anaweza kutoa betri mpaka kesho, hakuna kitakachobadilika. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi liwe: mara ya mwisho ulifanya nini?

Huyu atazame nyuma ya kompyuta kama kuna kitufe kilichoandikwa Flash BIOS au BIOS Flashback. Kikiwepo, apakue faili la modeli yake hasa, alibadilishe jina kama kitabu cha madabodi kinavyotaka (kwa MSI ni `MSI.ROM`), na aliweke kwenye flashi ya FAT32. Flashi iingie kwenye tundu la USB lililowekewa alama, kisha abonyeze kitufe. Taa itametameta kwa dakika kadhaa. Asiguse kitu mpaka izime.

Kitufe kisipokuwepo, na madabodi haina chipu ya akiba, inabaki kuiandika chipu kwa kifaa cha nje kama CH341A. Kabla ya kukibana, soma namba iliyo juu ya chipu, maana zipo za volti 3.3 na za 1.8, na hii ya 1.8 ikipewa 3.3 inaweza kuungua.