Kubadili jibu kwenye fomu ya OMR: B iliyofutwa nusu humkosesha mtoto alama

Mashine inayosoma fomu za kujibia mtihani wa kuchagua haisomi herufi. Inaimulika karatasi, kisha inapima mwanga unaorudi kutoka kila kiduara. Penye weupe mwanga hurudi mwingi, penye kivuli cha penseli hurudi kidogo. Kiduara chenye giza la kutosha ndicho inachokihesabu kuwa jibu. Alichokusudia mtoto haikijui.

Kwa hiyo naomba walimu wa skuli zetu, Unguja na Pemba, wakazanie zaidi jambo moja: kubadili jibu.

Tumchukulie mtahiniwa wa Wete. Swali la 17 amesiliba B, akafikiri tena, akaona jibu ni C. Raba ya kichwani mwa penseli yake imekauka na imeshika weusi. Anaisugua B mara mbili tatu, inabaki kijivu, halafu anaisiliba C haraka haraka na kivuli kinafika nusu tu. Mwalimu akiitazama fomu hiyo atasema jibu ni C, bila ubishi. Lakini tuseme mashine imepangwa kuhesabu kila kiduara chenye giza kuanzia asilimia 40. B imebaki na 42, C ina 55. Vyote vimevuka mpaka, swali limekuwa na majibu mawili, na alama haipatikani. Mipaka hiyo hutofautiana baina ya mashine na mashine, na nyingine hulinganisha viduara vya swali moja. Hata hivyo, B ingefutika ikabaki na 5 na C ikajazwa hadi 90, hakuna mashine ambayo ingebabaika.

Raba iwe laini na safi. Kabla ya kufuta, isugue kwanza kwenye karatasi ya rafu mpaka iache weusi wake. Shikilia fomu kwa mkono wa pili, futa taratibu, kisha puliza vumbi. Usilipanguse kwa kiganja, maana kwa joto letu kiganja kina jasho, na jasho huburura weusi wa penseli mpaka viduara vya jirani. Wapo watoto wanaotia mate kidoleni wakafuta. Karatasi huchubuka au hutoboka, na tundu nalo huweza kusomeka kama kivuli.

Penseli ni HB. Iliyo laini zaidi hupakaza, iliyo ngumu huacha kivuli hafifu. Zungusha kwanza ukingoni mwa kiduara, halafu jaza ndani bila kuvuka mstari. Alama ya vema au ya mkato haizibi eneo la kutosha.

Vile vipau vyeusi vya pembeni mwa fomu visiguswe kabisa, kwani ndivyo vinavyoionesha mashine kila mstari ulipo. Fomu ikikunjika hapo, au ikiingia mafuta au maji, mtahiniwa anyooshe mkono amwite msimamizi papo hapo, kabla ya kuendelea kusiliba.