Kutoka klipu ya sekunde 17 hadi karatasi ya darasa: hesabu, majina ya stepu na mpangilio

Tuchukue klipu ya dansi ya kiitikio cha amapiano yenye wachezaji watano, aina ambayo wanafunzi wa madarasa ya jioni Sinza na Kinondoni huja nayo kwenye simu. Mwendo wake ni mapigo 112 kwa dakika. Nane moja, yaani hesabu ya mapigo manane, inachukua sekunde 4.3 hivi, kwa hiyo kipande cha nane nne ni kama sekunde 17. Kwa wanaoanza kipande hicho kinatosha darasa zima.

Kabla ya kutazama miguu, tafuta moja, yaani pigo la kwanza la nane, iko wapi. Kwenye amapiano besi ya gogo inapenda kudondoka kati ya mapigo, na anayeihesabu hiyo kama moja atakuwa nje ya wimbo hadi mwisho. Mwimbaji naye mara nyingi anaanza neno kabla ya moja. Fuata shekere linalokwenda sawasawa, hesabu kwa sauti nane mbili au tatu, halafu andika sekunde ambayo moja inaangukia. (Singeli ni habari nyingine: inapita mapigo 200 kwa dakika, kwa hiyo hesabu pigo moja, ruka moja.)

Hakikisha pia video haijageuzwa kama kioo. Soma maandishi kwenye fulana. Yakisomeka kinyume, imegeuzwa. Isipogeuzwa, mguu wa kulia wa mchezaji anayekutazama uko upande wa kushoto wa skrini yako.

Sasa miguu. Punguza kasi ya YouTube hadi 0.5, na ukisimamisha video tumia vitufe vya nukta na mkato kusogea fremu moja mbele au nyuma. Kila pigo jiulize swali moja: uzito umehama? Ukihama, andika *kanyaga*. Mguu ukifika chini bila kubeba mwili, andika *gusa*. Mikono iache kwanza. Nane ya kwanza ya klipu yetu inaandikwa hivi:

1 kanyaga kulia, 2 gusa kushoto
3 kanyaga kushoto, 4 gusa kulia
5 hadi 8 rudia

Stepu hii naiita kanyaga-gusa, si jina la kupendeza la mitandaoni, kwa sababu jina lenyewe linamwambia mwanafunzi afanye nini. Kosa la kawaida kabisa liko kwenye pigo la 2: anayeanza anakanyaga badala ya kugusa. Uzito unabaki mguu wa kushoto, na pigo la 3 linautaka mguu huohuo. Utamwona akiruka kidogo au akichezacheza miguu haraka kwenye 3. Watu humwambia hana mdundo, kumbe kasoro ni ya pigo lililopita. Dawa ni kumwambia ainue mguu aliogusisha mara tu baada ya 2. Ukishindikana kuinuka bila mwili kuyumba, alikuwa ameukanyaga.

Nane ya pili ni miguu ileile pamoja na mikono. Ya nne ni kuzunguka mahali pamoja na kuganda. Kazi iko kwenye ya tatu, kwa sababu hapo watano wanahama, na mhariri wa video amekata picha katikati: kwanza wako wawili mbele na watatu nyuma, mara wamekwisha kuwa V yenye ncha mbele. Njia hukuonyeshwa. Lazima uitunge wewe.

Ichore kwa vigae vya sakafu. Kama ukumbi una vigae vya sentimita 40, kwenye safu ya nyuma mmoja asimame katikati, mmoja vigae 4 kushoto kwake na mmoja vigae 4 kulia. Wawili wa mbele wawe vigae 4 mbele ya safu hiyo, kila mmoja vigae 2 kutoka mstari wa katikati. Ili V itokee, wa katikati anasonga mbele vigae 4, wawili wa mbele wanarudi vigae 2, na wa pembeni hawahami. Kanyaga-gusa ina kanyaga nne tu kwa nane moja, hivyo wa katikati anakwenda kigae kimoja kila anapokanyaga. Hilo mtu mpya analiweza. Ukijaribu kubana safari yote kwenye mapigo manne, itabidi ahame sentimita 80 kwa stepu, naye atakimbia.

Wa katikati anapishana na wenzake karibu na pigo la 5, akiwa na sentimita 80 tu kila upande. Video ina mikono iliyofunguliwa pembeni kwenye nane hiyo. Kwa darasa lako mikono ibaki chini hadi pigo la 6, ifunguke pigo la 7. Mwambie kila anayerudi nyuma ahesabu nusu kigae kwa kanyaga, asigeuze kichwa kutafuta njia, maana kichwa kikigeuka bega linafuata na mstari wa V unapinda. Zoezini kwa kasi ya 0.75, yaani mapigo 84, kwanza bila mikono.