Mafuta ya shea kwenye nywele ngumu: yanapakwa lini, wapi, na kiasi gani

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwenye kiti changu cha saluni huwa ni mawili kwa pamoja: nywele kavu, na ngozi ya kichwa iliyojaa utando. Mteja huyaona kama matatizo mawili yanayopingana. Nywele zinadai mafuta, kichwa kinayakataa. Nikianza kuuliza anachopaka na namna anavyopaka, mara nyingi chanzo huwa kimoja: mafuta mazito yamepakwa juu ya nywele zilizokwisha kauka, yakaanzia kwenye ngozi, na kesho yake yakaongezwa mengine juu yake.

Shea haina maji. Ni mafuta matupu, na vivyo hivyo mafuta ya kakao na ya embe. Unyevu wa unywele ni maji yaliyoingia ndani ya unywele wenyewe, na mafuta haya hayawezi kuyaleta. Kazi yake ni kukaa juu kama ganda jembamba na kuyachelewesha maji yaliyomo yasitoke haraka. Nasema kuyachelewesha, kwa sababu hakuna mafuta yanayoyafungia kabisa. Kwa hiyo ukipaka shea kwenye unywele mkavu, unachofunika ni ukavu, tena unayawekea maji kizuizi. Siku ya pili ukipulizia maji, yanateleza juu ya mafuta na kudondoka begani.

Nywele za kipilipili huhitaji ulinzi huo kuliko nyingine kwa sababu ya umbo lake. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi kwenye unywele wenye mizunguko mingi, basi ncha hubaki bila kitu huku shina likiwa na mafuta yake tayari. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote: mafuta mazito yapelekwe mahali ambapo mafuta ya mwili hayafiki, si mahali yanapotoka. Ngozi ya kichwa inajitengenezea yake. Ukiipaka shea, unairundikia kitu isichokihitaji.

Tena kuna wadudu wa kuzingatia, ingawa kwa usahihi ni kuvu. Karibu kila kichwa cha mtu mzima kina kuvu wa jamii ya Malasezia, na chakula chake ni mafuta. Kwa wengi hakuna shida. Kwa wenye mba, mafuta mazito yanayolala kwenye ngozi siku nyingi ni karamu. Mtu anaona magamba, anadhani ngozi imekauka, anaongeza mafuta, na magamba yanaongezeka. Magamba ya ngozi iliyokauka huwa madogo, meupe na makavu kama unga, na mara nyingi mtu husikia ukavu huohuo mwilini pia. Magamba ya mba huwa makubwa zaidi, yana unyevu wa mafuta, pengine yanaelekea umanjano, na ngozi chini yake inawasha au imeiva wekundu. Mrundikano wa mafuta una sura yake ya tatu: kwaruza taratibu kwa ukucha, utatoka na kitu cha kijivu kinachonata kama nta, ukikisugua kati ya vidole kinapakaza badala ya kupukutika. Mambo haya matatu yanaweza kukaa kwenye kichwa kimoja, lakini dawa zake ni tofauti, ndiyo maana huwa sigusi chupa yoyote kabla sijaangalia.

Nikueleze kisa cha mteja mmoja, maana hatua zinaeleweka vizuri zikiwa kwenye kichwa halisi. Nywele zake zilifika mabegani zikivutwa, nene na za mizunguko ya karibukaribu, na alikuwa akizisokota kila jioni. Kila jioni pia alichota shea, akapaka kuanzia ngozi hadi ncha. “Dada, nikiacha siku moja tu zinakuwa kama waya,” aliniambia. Niliposhika nywele zilikuwa nzito na baridi, zinang’aa juujuu, lakini ncha zilikatika nikizikunja. Ukucha ulitoka na ile nta ya kijivu. Niliweka matone ya maji kwenye fungu moja, yakasimama juu kama shanga.

Kipimo hicho cha matone peke yake hakitoshi, niseme mapema. Kuna nywele zenye afya ambazo vigamba vidogo vinavyofunika kila unywele vimelala vizuri, na maji huchelewa kuziingia hata zikiwa safi. Ndiyo maana ninalinganisha: kabla ya kuosha na baada ya kuosha. Yeye baada ya kuosha, fungu lilelile lililowa mara moja. Tofauti hiyo ilikuwa ni mafuta.

Kuosha kwenyewe hakukuanza na shampuu. Mafuta ya mgando yaliyokaa siku nyingi hulainishwa vizuri na mafuta mengine mepesi, kwa hiyo nilipaka mafuta ya alizeti kwenye nywele kavu, kiasi cha kuzifanya ziteleze, nikayafanyia kazi kwa ncha za vidole kwenye ngozi, nikaacha dakika 20. Kisha nikaweka shampuu kabla ya maji mengi, nikaichanganya na yale mafuta, ndipo nikaongeza maji ya uvuguvugu. Maji baridi huigandisha shea palepale ilipo. Ya moto sana yanaichosha ngozi bila sababu. Shampuu ya kwanza haikutoa povu la maana, na hiyo ni dalili nzuri ya kusoma: sabuni yote imeshughulika na mafuta, haikubaki ya kutoa povu. Ya pili ilitoa kidogo. Ya tatu ikajaa povu, nikasimama hapo. Nilisugua ngozi tu. Urefu wa nywele ulisafishwa na povu lililokuwa likishuka, kwa kuwa kuzisugua ncha zilizochoka ni kuzikata kwa mikono yako mwenyewe.

Baada ya hapo kondishena kwenye urefu, kuchana kuanzia ncha, kusuuza. Nikazikamua kwa fulana ya pamba hadi maji yakaacha kudondoka. Hali hii ndiyo ninayoitafuta: nywele zimelowa, mkono unasikia ubichi, lakini hazichuruziki. Zikiwa zinachuruzika, mafuta yanaelea na kudondoka na maji. Zikiwa zimeshakauka nusu, umechelewa, rudisha maji.

Niligawa mafungu 8. Kila fungu lilipata kwanza kondishena nyepesi ya kuacha kichwani, ile ambayo kiambato chake cha kwanza kwenye lebo ni maji. Ndipo shea. Kwa kichwa kizima nilitumia kijiko kimoja cha chai, yaani kila fungu lilipata kiasi cha punje ya harage. Mteja alicheka, akaniuliza kama nimesahau kufungua kopo. Lakini shea huyeyuka kwa joto la mwili, na ukiisugua viganjani mpaka hakuna chembe ngumu na mikono inang’aa kote, punje hiyo inaenda mbali. Chembe isiyoyeyuka haisambai. Inabaki pale ilipoangukia, na huko ndiko vidonge vyeupe vinavyoonekana kwenye misokoto vinakotoka.

Naanza na ncha, napanda katikati ya urefu, na nasimama nikibakiza upana wa vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Mikono ikipanda tena haina mafuta mapya. Kisha nasokota. Misokoto inazishikilia nywele pamoja, na maji hayakauki haraka kama zingeachwa wazi.

Sehemu ngumu kwa watu wengi si siku ya kuosha. Ni siku ya tatu, nywele zinapoanza kusikika kavu na mkono unaenda wenyewe kwenye kopo. Nilimwambia apulizie maji kidogo kwenye misokoto, asubiri kama dakika 5, kisha aishike. Ikiwa imelainika, unywele umepokea, na ulinzi wa awali bado upo. Hapo anaweza kuweka tone la kondishena ileile iliyozimuliwa kwa maji na kuishia hapo. Ncha tu ndizo zinazoweza kupewa shea tena, kiasi cha punje ya mchele kwa mafungu mawili. Ikiwa maji yamesimama juu na msokoto umebaki mgumu, hakuna mafuta yatakayosaidia. Siku ya kuosha imefika mapema, na inaonyesha kijiko kile kilikuwa kikubwa. Kwa nywele kama zake, kuosha kila siku 7 hadi 10 kunatosha.

Kuhusu aina za mafuta, sina ushabiki mkubwa. Shea ni laini, ndiyo maana naipenda kwa kazi hii. Ya kakao ni ngumu zaidi, ikitumika peke yake huziacha nywele zimekakamaa, kwa hiyo naichanganya kidogo tu. Ya embe iko katikati na haina harufu ya kusumbua. Ukiona shea ni nzito mno kwako, yeyusha sehemu mbili za shea na sehemu moja ya mafuta ya maji kama alizeti, kwa moto mdogo juu ya maji moto, kisha ipoze haraka kwenye friji huku ukiikoroga. Ikipoa polepole hutengeneza chembechembe. Hazina madhara, ila haziyeyuki upesi mkononi, na tumeshaona zinakoishia. Shea isiyosafishwa nayo ichujwe kwa kitambaa ikiwa imeyeyuka, kwani wakati mwingine hubeba mabaki ya kokwa, na mabaki hayo yakifika kwenye ngozi hayatofautiani na magamba.

Wapo ambao nawaambia waache kabisa. Mwenye unywele mwembamba, hata kama ni wa kipilipili na ni mwingi: chukua unywele mmoja usugue kati ya vidole, ukiwa huusikii, mafuta mepesi yanakutosha. Mwenye rasta, kwa sababu shea inayoingia katikati ya rasta haisuuziki kirahisi. Na mwenye mba inayowasha, mpaka itulie: huyo anahitaji shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni, iachwe kwenye ngozi dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza, kwa siku zinazoelekezwa kwenye chupa. Urefu wa nywele aupake kondishena ili dawa isiukaushe. Magamba yakiambatana na vidonda, au nywele zikianza kung’oka kwa mabaka, hayo si mambo ya saluni, namwelekeza kwa daktari wa ngozi.

Yule mteja alirudi ncha zikiwa bado fupi na chakavu, maana kilichokwisha kukatika hakirudi, nikazipunguza kwa mkasi. Ukucha kwenye ngozi ulitoka mtupu. Aliniuliza kama sasa anaweza kupaka walau kidogo kwenye mstari wa mbele, nikamwonyesha pa kusimamia: vidole viwili, hata hapo.