Tathmini ya mahitaji ya mafunzo si kura ya kozi

Msimu wa bajeti ukikaribia, kuna fomu inayozunguka kwenye matawi ya benki hapa Mwanza: "Taja kozi tatu ambazo ungependa kusoma." Majibu yanahesabiwa, kozi iliyopata kura nyingi inaingia kwenye mpango (karibu kila mara ni huduma kwa wateja), na ripoti inapanda makao makuu ikiitwa tathmini ya mahitaji ya mafunzo. Yale ni maoni ya wafanyakazi. Kuyakusanya si kosa, ila tathmini ni kazi nyingine.

Tathmini ni kulinganisha vitu viwili: ujuzi ambao kazi inaudai, na ujuzi alionao mtu anayeifanya. Kinachopungua hapo katikati ndilo pengo. Upande mmoja ukikosekana, hakuna ulinganisho. Fomu yetu inakosa pande zote mbili, maana haisemi kazi inadai nini na wala haimpimi mtu.

Kiwango kinachodaiwa huandikwa kwanza, kwa kila nafasi peke yake. Tuseme tunatumia ngazi ya 1 hadi 4. Keshia anayepokea fedha za wafanyabiashara wa samaki na dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, anahitaji 4 kwenye kutambua noti bandia: aipapase, aiinue kwenye mwanga, aigeuze pembe, na akiitilia shaka ajue hatua za kufuata badala ya kumrudishia mteja kimyakimya. Kwenye mikopo, keshia huyohuyo anahitaji 1 tu, yaani ajue amwelekeze mteja meza gani. Akipata 1 kwenye mikopo hana pengo lolote. Akipata 3 kwenye noti bandia analo. Ajabu ni kwamba ripoti nyingi humpeleka kwenye kozi ya mikopo kwa sababu ndiyo alama yake ya chini.

Upande wa pili, ujuzi halisi, haupimwi kwa kumwuliza mtu ajipe alama. Mwenye uzoefu anaujua ugumu wa kazi, hivyo hujipunja, mgeni hujijaza. Mchanganyie noti za majaribio umwone anavyozikagua. Fungua daftari la upungufu na ziada za fedha wakati wa kufunga kaunta. Angalia fomu za kufungulia akaunti zilizorudishwa, na sababu zilizoandikwa pembeni.

Ukishapata alama, usikimbilie wastani. Tawi lina keshia sita, kazi ya kuhakiki utambulisho wa mteja inadai 3. Wanne wana 4, wawili wana 1. Wastani ni 3 kamili, na karatasi itasema tawi liko salama, huku madirisha mawili kati ya sita yakipokea vitambulisho bila kuvikagua.

Halafu kuna hatua ambayo, kusema kweli, ndiyo inayonikera inaporukwa: kuuliza pengo linatoka wapi. Chukua tawi lenye malalamiko mawili. La kwanza, foleni ya asubuhi haisogei. La pili, fomu za akaunti zinarudi. Meneja anaomba kozi ya huduma kwa wateja iyatibu yote mawili. Ukikaa nyuma ya kaunta utaona kwamba alasiri keshia walewale wanahudumia haraka bila shida. Asubuhi fedha za mwaloni zinaingia kwa mkupuo, noti zimelowa na nyingine zimechanika, mashine ya kuhesabia inazikwamia, nayo ni moja kwa madirisha matatu. Mtu anayeiweza kazi saa nane mchana hajaisahau saa tatu asubuhi. Hapo panatakiwa mashine na dirisha la fedha nyingi, na hata umpeleke semina hadi Bukoba, foleni itabaki palepale.

Zile fomu ni jambo jingine. Mteja wa Ukerewe anajitaja kwa jina analojulikana nalo kisiwani, kitambulisho cha NIDA kina jingine, na afisa anaandika alilolisikia. Mpe muda wa kutosha na kompyuta nzuri, bado ataandika vilevile, kwa kuwa hajui kwamba jina la kwenye akaunti linafuata kitambulisho. Hilo ndilo hitaji la mafunzo, na pengine linamalizwa kwa nusu siku palepale mezani kwake, na msimamizi wake akiwa mwalimu.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa rasilimali watu, fomu ya kozi tatu iendelee kuzunguka, inatusaidia kujua watu wanatamani nini. Naomba tu kichwa chake kisomeke "Maoni ya wafanyakazi kuhusu kozi", na ile safu ya "sababu ya pengo" iongezwe kwenye fomu ya tathmini yenyewe, kabla ya safu ya "kozi inayopendekezwa".