Video moja kutiki si fomula

Wiki hii mwenye chaneli ya YouTube wa nne amekuja kwenye ofisi yangu ya kuhariri video hapa Mwanga, Kigoma, na neno ni lilelile: "Kaka, nimeshaipata siri, nikatie nyingine kama ile." Huwa siwashi kompyuta kabla hatujaongea.

Huyu wa mwisho ni kijana wa Katonga, anarekodi shughuli za dagaa mwaloni. Tulipanga video zake kumi kwa watazamaji wa siku saba za kwanza: 210, 240, 260, 290, 310, 330, 350, 380, 420, halafu 46,000. Hiyo kubwa inaonyesha karabai ikilipuka mtumbwini. Yeye alipiga wastani, akapata 4,879, akaniambia sasa yupo kwenye elfu tano. Lakini hana hata video moja iliyowahi kukaribia elfu tano! Achana na wastani, chukua namba ya katikati, yaani kati ya 310 na 330. Kijana ni wa 320.

Tukafungua Traffic source ya ile kubwa, yaani takwimu za YouTube zinazoonyesha watazamaji wametokea wapi. Watazamaji wanane kati ya kumi walitoka `External`, yaani nje ya YouTube: ukurasa mmoja wa Facebook wenye wafuasi wengi uliisambaza. Wakaangalia sekunde 25 za video ya dakika sita, mlipuko ukapita, wakaondoka. Hapo utarudia nini? Utalipua karabai nyingine? Mvuvi mwenyewe anajua kuwa usiku mmoja wa neema hauhesabiki kama msimu.

Kilichonivutia ni zile za 380 na 420, ambazo yeye alikuwa hazitazami kabisa. Zote mbili zinafundisha kutambua dagaa wa mchanga na wa chanja. Watu walizifikia kupitia `YouTube search`, na kila wiki bado wanaingia wachache. Huo ndio mwelekeo wa kujaribu. Nikamwambia atengeneze nne za somo hilo, urefu uleule, asibadilishe kingine, kisha tuzipime zote siku ya saba. Kuvuka 320 pekee hakutoshi, maana nusu ya video zake huvuka hapo hata asipofanya lolote jipya. Ni kama kurusha shilingi. Nataka angalau tatu zifike 640, mara mbili ya 320. Ikifika moja tu, somo hilo tunaliacha.

Kijana akalalamika: "Baada ya ile, YouTube wamenibania." Hawajakubania. Iliyofuata ilipata 290, ndicho kiwango chako cha siku zote. Ukishuka kutoka 46,000, popote utakapotua utaona ni shimo.

"Ni kwa sababu niliipandisha saa mbili usiku." Zile tisa nyingine ulizipandisha saa ngapi? Akacheka. Saa mbili usiku.

Video ya kwanza kati ya zile nne ameipandisha Jumanne. Jana kanipigia, siku ya pili tu, kuniambia ina 150. Nimemwambia anipigie Jumanne ijayo.