Shanti: resista inayoigeuza mita nyeti kuwa amita

Mita ya mshale yenye koili laini haibebi mkondo mkubwa. Tuchukue ya kawaida: mshale hufika mwisho wa skeli kwa miliampea 1, na koili yake ina ukinzani wa omu 100. Ukiipitishia ampea 1 moja kwa moja, utaiunguza. Shanti ni resista ndogo sana inayofungwa sambamba na mita hiyo ili mkondo karibu wote upitie kwake, na koili ibakiwe na sehemu yake tu.

Hesabu inaanzia kwenye volti, kwa sababu vitu viwili vilivyo sambamba vina volti ileile. Mshale ukiwa mwisho wa skeli, koili ina 0.001 × 100, yaani volti 0.1. Tukitaka mwisho huo usomeke ampea 1, shanti itabeba ampea 0.999. Rs ni ukinzani wa shanti, Rg ni wa koili, Ig ni mkondo wa koili, na I ni mkondo wote:

```
Rs = Ig × Rg / (I − Ig)
Rs = 0.1 / 0.999 = 0.1001 Ω
```

Joto lake ni wati 0.1 tu, kwa hiyo waya wa konstantani, aloi ya shaba na nikeli, wenye kipenyo cha milimita 1 unatosha. Mita moja ya waya huo ina takriban omu 0.62, hivyo tunahitaji kama sentimita 16. Kata 17. Funga amita unayoiamini kwa mfuatano na yako, pitisha nusu ampea, kisha linganisha. Waya ukiwa mrefu, mshale wako husoma zaidi. Ufupishe kidogo kidogo, ukizima umeme kila mara kabla ya kugusa kiungo. Shanti ikiachia mkondo ukiwa unapita, mkondo wote hukimbilia kwenye koili. Na baada ya kulehemu, subiri ncha zipoe, maana konstantani na shaba zikikutana kwenye moto huzalisha volti zao wenyewe.

Kosa linalowashinda wengi liko kwenye viungo. Miliomu 5 za skrubu iliyolegea ni kitu kidogo, lakini mbele ya omu 0.1 ni asilimia 5. Kwa hiyo nyaya za mita zilehemiwe juu ya shanti yenyewe, ndani ya zile skrubu mbili zinazoingiza na kutoa mkondo mkubwa. Hapo skrubu ikilegea, usomaji hauharibiki.

Waya wa shaba usiutumie kwa shanti: ukinzani wake hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Tatizo ni kwamba koili nayo ni ya shaba, hivyo chumba kikipata joto nyuzi 10 zaidi, mita itasoma pungufu kwa karibu asilimia 4. Dawa yake ni kufunga resista thabiti ya omu 300 kwa mfuatano na koili. Kosa hushuka hadi asilimia 1, ila shanti sasa iwe omu 0.4004, na amita itakula volti 0.4 kutoka kwenye saketi unayoipima. Kwenye saketi ya volti 12 hilo linavumilika. Kwenye betri ya volti 1.5, hapana.