Kinga ya radi dukani: kazi kubwa iko ardhini

Kigoma ngurumo za mwanzo wa msimu huja Oktoba, ardhi ikiwa bado imekaushwa na kiangazi. Ndio wakati mgumu kuliko wote kwa kinga ya radi, kwa sababu udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Fimbo ya juu ya paa huonekana, kwa hiyo hukaguliwa. Kilichofukiwa hakuna anayekiuliza.

Tuchukue duka la bati pale Kasulu, mita 8 kwa 6. Simamisha fimbo ya chuma ya mita 1 kwenye kila ncha ya mgongo wa paa. Kutoka hapo shusha njia mbili, kwenye kona mbili zinazokabiliana, kwa mkanda wa shaba au wa chuma cha mabati wenye mkato usiopungua milimita za mraba 50. Ushuke wima, usikunjwe kwa pembe kali, maana radi huiacha kona hiyo na kurukia nondo za dirisha. Juu ya paa mimi napendelea mkanda wa mabati: maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba hula bati. Bati nalo liunganishwe na mkanda, ila lisitegemewe kupokea radi. Geji 30 ni jembamba, hutobolewa.

Sasa tushuke chini. Fimbo moja ya mita 2.4 iliyopigwa ardhini katika udongo wa wastani huweza kuwa na ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme usiingie ardhini, wa karibu omu 80. Radi ya kawaida hubeba takriban ampea 30,000. Ukizidisha unapata volti milioni 2.4, na umeme huo huruka kwenda kwenye mlango wa chuma au kwa mtu aliyeegemea ukuta. Kwa omu 10 zinabaki volti 300,000. Bado ni nyingi, ndiyo maana waya wa ardhi wa umeme wa duka lazima uungwe na fimbo za radi, ili volti za vyote zipande na kushuka pamoja.

Kufikia omu 10, unganisha fimbo mbili kwa urefu ili zifike kwenye unyevu, kisha ongeza nyingine kama hizo kila baada ya mita 5 hivi mpaka namba ishuke, zikiungwa kwa mkanda uliofukiwa nusu mita. Usimwage chumvi ili kupunguza ukinzani: mvua huiosha, na wakati huohuo inakula chuma.

Mita ya kawaida ya fundi haipimi ukinzani wa ardhi. Mdai fundi aje na kipimo maalumu chenye vijiti vya kuchomeka ardhini, apime Septemba, akuandikie namba. Kipimo cha Machi, udongo ukiwa umelowa, kitakudanganya.

Kinga hii hulinda jengo. Radi iliyopiga nguzo ya umeme mbali na hapo huingia kwa nyaya hadi kwenye friji na televisheni, kwa hiyo wingu likianza kutanda, chomoa plagi kabla ngurumo haijafika.